Picha ya 158 kwa 94: Mashine ya Presha Inasema Nini?



Usiku mmoja baada ya isha nilipokea picha kwenye simu. Ilitoka kwa mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, kijana wa Buyenzi, ambaye hunichukulia mimi kuwa daktari kwa sababu tu nasoma udaktari mwaka wa nne. Picha ilikuwa ya kioo cha mashine ya kupimia presha, imepigwa kwa haraka, na kidole gumba cha mtu kinaonekana pembeni. Chini yake ameandika: "Kaka, hii ni ya mama. Imepanda sana. Jirani ana vidonge vyake vya tansiyo, tumpe kimoja sasa hivi au viwili?"

Kwenye kioo kulikuwa na haya:

```
SYS mmHg   158
DIA mmHg    94
PUL /min    92
```

Nilimjibu neno moja kwanza: "Msimpe." Kisha nikampigia. Mazungumzo yetu ya usiku ule, pamoja na wiki moja iliyofuata, ndiyo nataka kuwaeleza hapa. Nimegundua kwamba wengi wetu tumekuwa wasomaji wa picha hizi nyumbani, wazazi wanatutumia, na hatujui tunasoma nini.

Swali langu la kwanza kwake halikuhusu namba hata kidogo. Nilimuuliza mama yuko vipi. Kifua kinauma? Anapumua vizuri? Mdomo haujapinda upande, maneno hayamkwami, mkono au mguu wa upande mmoja haujalegea? Anaona vizuri? Akasema mama yuko jikoni anakaanga ndagala, na anauliza kwa nini watoto wananong'ona. Hapo nikajua kwamba tuna muda.

Tatu, si mbili

Tuanze na kile kilichomo kwenye picha. SYS ni kifupi cha sistoli, yaani nguvu ambayo damu inasukuma kuta za mishipa pale moyo unapojikaza na kutoa damu. DIA ni diastoli, nguvu inayobaki ndani ya mishipa wakati moyo umelegea na unajaa tena kabla ya pigo linalofuata. Mishipa haibaki mitupu kati ya pigo na pigo, na ndiyo maana namba ya chini haishuki hadi sifuri.

Herufi mmHg maana yake ni milimita za zebaki. Zamani kipimo hiki kilifanywa kwa bomba la kioo lenye zebaki, na presha ya 158 ni ile inayoweza kuinua zebaki milimita 158, yaani sentimita karibu 16. Ukitaka kuona nguvu hiyo vizuri zaidi, badilisha zebaki uweke damu. Zebaki ni nzito karibu mara 13 kuliko damu, kwa hiyo presha ya 158 ingeinua damu hadi mita mbili hivi, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Mwingereza Stephen Hales alifanya jambo la namna hiyo kwa farasi: alimwingizia bomba kwenye mshipa akatazama damu inapanda hadi wapi, na akaandika habari zake mwaka 1733. Tumshukuru Riva-Rocci wa Italia, ambaye mwaka 1896 alitoa mkanda wa kufunga mkononi, tukaacha kutobolewa.

Hizo sentimita 16 ndizo zilizomchanganya yule mdogo wangu. Sisi hapa Bujumbura tumerithi desturi ya Kifaransa ya kutaja presha kwa sentimita. Muuguzi anamwambia bibi, "Tansiyo yako ni kumi na nne kwa tisa," na bibi anarudi nyumbani na "kumi na nne" yake. Maana yake ni 140 kwa 90. Kijana alikuwa amezoea kusikia kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tano. Ghafla anaona 158. Alidhani mama yake amepita watu wote wa mtaani mara kumi. Kwa lugha ya muuguzi wetu, 158 kwa 94 ni "kumi na sita kwa tisa" na kitu. Nilipomwambia hivyo nilisikia pumzi yake ikitoka. Ila angalia pia hasara ya desturi hiyo: ukisema "kumi na nne" umefunika 136 na 144 kwa neno moja, na kati ya namba hizo mbili ndipo ulipo mstari ambao matabibu wanautazama sana. Kwenye karatasi andika namba kamili.

Namba ya tatu, PUL, si presha. Ni mapigo ya moyo kwa dakika moja. Nimekutana na watu wazima wanaosema "presha yangu ina namba tatu, ya tatu ndiyo mbaya." Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100, na mwenye mazoezi mengi anaweza kuwa chini ya hapo akiwa mzima kabisa. Mapigo yanaweza kwenda haraka na presha ikawa ya chini, kama kwa mtu aliyepoteza damu nyingi, na yanaweza kuwa 65 huku presha ikiwa 180. Lakini katika picha hii namba ya tatu ilinisaidia kwa njia nyingine. Mama aliyekaa kimya dakika tano si kawaida awe na 92. Namba hiyo ilinifanya nimuulize kijana: kabla ya kupimwa alikuwa anafanya nini?

Alichokuwa anafanya mama

Alikuwa ametoka soko la Ruvumera kwa miguu, na mzigo. Njiani akapita kwenye duka moja la dawa, akaona mashine mezani, akasema nipime na mimi. Alipimwa palepale, juu ya mkono wa gauni, amesimama, mkono unaning'inia ubavuni, na wakati mkanda unajaa upepo alikuwa anajibu salamu za watu wanaoingia. Alipimwa mara moja tu.

Ili kuelewa kwa nini haya yote yanaharibu kipimo, ni lazima kujua mashine inafanya nini. Wengi wanadhani inasikiliza mshipa kama daktari anavyosikiliza kwa kifaa chake cha masikioni, njia aliyoionyesha Mrusi Korotkov mwaka 1905. Hapana. Mashine inajaza mkanda hadi mshipa wa mkononi unabanwa kabisa na damu haipiti. Kisha inaachia upepo taratibu. Damu inapoanza kupenya, kila pigo linatikisa mkanda kidogo, na mtikisiko huo unasomwa na kipima-upepo kilichomo ndani. Mitikisiko inaanza midogo, inakua hadi kilele, halafu inafifia. Pale kwenye kilele ndipo ulipo wastani wa presha ya mshipa. Hicho ndicho mashine inachokipata moja kwa moja. Namba ya juu na ya chini inazikokotoa kutokana na umbo la mitikisiko hiyo, kwa hesabu ambayo kila kiwanda kinayo yake.

Sasa mtu akisogeza mkono, akicheka, akizungumza, anaongeza mitikisiko ambayo haikutoka kwenye moyo. Na kuzungumza kwenyewe kunapandisha presha ya kweli, achilia mbali kuidanganya mashine.

Mkono unaoning'inia una hesabu yake, na ni hesabu ya fizikia ya sekondari. Damu ni kimiminika. Ukiteremsha mahali unapopimia chini ya moyo, uzito wa damu iliyo juu yake unaongezeka kwenye kipimo. Kila sentimita moja na robo hivi chini ya moyo inaongeza milimita moja ya zebaki. Mkanda ukiwa sentimita 15 chini ya usawa wa moyo, umejiongezea karibu 12 bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana mashine za kufunga kifundo cha mkono zinawasumbua watu: kifundo kinateremka kwa urahisi hadi mapajani, na namba inapanda nacho. Mkifikiria kununua, nunueni ya mkono wa juu.

Nguo chini ya mkanda nayo ni tatizo, na ukubwa wa mkanda ni tatizo kubwa zaidi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli. Wakati mwingine tofauti inafika 10 na zaidi, kiasi cha kumfanya mzima aonekane mgonjwa. Mikanda mingi imeandikwa vipimo vyake kwa sentimita, mara nyingi 22 hadi 32. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko kwa utepe wa fundi cherehani, ulinganishe. Mama yetu alikuwa na 30, kwa hiyo upande huo alikuwa salama.

Kitu kingine nilichokiona kwenye picha ni tarehe: kwenye kona iliandikwa 1/1, na saa ilikuwa ya alfajiri, wakati kijana aliniambia alipimwa kabla ya magharibi. Mashine ilibadilishwa betri na hakuna aliyeipanga upya. Lenyewe si kosa la kipimo. Lakini linakukumbusha kutazama kama kuna herufi M karibu na namba, kwa sababu M ni kumbukumbu: mtu akigusa kitufe kile, kioo kinaonyesha kipimo cha mteja wa jana, na wewe unapiga picha ya presha ya mtu mwingine. Katika picha yetu haikuwepo. Tazama pia kama kuna alama ya moyo iliyokatika au inayopepesa kwa namna isiyo ya kawaida. Mashine nyingi hutumia alama hiyo kusema kwamba mapigo hayakwenda kwa mpangilio. Huenda mtu alisogea tu. Lakini ikijirudia kila mara, namba zote tatu hazina uhakika, kwa sababu hesabu ya mitikisiko inategemea mapigo yanayofuatana vizuri. Mtu huyo anahitaji kupimwa moyo kwa mashine ya umeme hospitalini.

Madaraja, na kwa nini mtandao ulimpa majibu mawili

Kabla ya kunitumia mimi, kijana alikuwa ametafuta kwenye simu. Ukurasa mmoja ulimwambia mama yake yuko daraja la kwanza, mwingine la pili. Akaona kuna uongo mahali. Hakuna uongo, kuna miongozo miwili.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018, ambao madaraja yake utayakuta hata katika vitabu vyetu vya Kifaransa, unaanza kuita shinikizo la juu kwenye 140 kwa 90. Kuanzia hapo hadi 159 kwa 99 ni daraja la kwanza, 160 hadi 179 au 100 hadi 109 ni la pili, na kuanzia 180 au 110 ni la tatu. Chini ya 120 kwa 80 ni bora kabisa. Kati ya bora na shinikizo la juu kuna ya kawaida, kisha ile ya 130 hadi 139 au 85 hadi 89, ambayo wanaiita ya kawaida iliyo juu, jina ambalo binafsi naliona kama kumwambia mtu amefaulu na amefeli. Wamarekani mwaka 2017 walisogeza mstari chini: kwao kuanzia 130 au 80 ni hatua ya kwanza, na kuanzia 140 au 90 ni hatua ya pili. Shirika la Afya Duniani limebaki kwenye 140 kwa 90 kwa kutambua ugonjwa.

Kwa hiyo mwili ni uleule, na 158 kwa 94 ni daraja la kwanza Paris na hatua ya pili New York. Mstari wenyewe umechorwa na binadamu. Hatari ya kiharusi na ya moyo haianzi ghafla kwenye 140. Inapanda polepole kutoka chini zaidi, na wataalamu wanabishana ni wapi faida ya kutibu inazidi usumbufu wake. Ukisoma picha, taja mwongozo unaoutumia, usichanganye.

Kanuni moja ni ya wote: namba mbili zikiangukia madaraja tofauti, mtu anahesabiwa kwenye lile la juu. Mwenye 134 kwa 96 ana namba ya juu iliyo chini ya mstari, lakini ya chini imevuka, basi amevuka. Mzee mwenye 165 kwa 78 naye amevuka, ingawa atakwambia kwa fahari kwamba "ya chini ni nzuri". Hali hiyo ni ya kawaida kwa wazee, kwa sababu mishipa yao mikubwa imekakamaa na haitanuki pigo linapofika. Hakuna kujipoza na namba moja.

Na miongozo yote miwili inasema jambo ambalo picha haiwezi kulisema: kipimo kimoja hakimpi mtu ugonjwa. Kinachohesabiwa ni wastani wa vipimo vya siku kadhaa, vilivyochukuliwa vizuri. Hapa nikiri kosa langu. Mwaka wa pili nilitumiwa picha kama hii na ndugu wa mbali, nikajibu kwa kujiamini, "Hiyo ni daraja la kwanza, ameshaanza ugonjwa." Yule mama alilala siku tatu kitandani akisubiri kufa. Baadaye ilionekana presha yake ni ya kawaida.

Wiki ya mama

Asubuhi yake kijana aliazima mashine ya mkono wa juu kwa mjomba wake, na Ijumaa alasiri nikaenda nyumbani kwao kuwaonyesha. Maelekezo yalikuwa haya. Mara mbili kwa siku, asubuhi baada ya alfajiri kabla ya chai, na jioni kabla ya chakula. Aende haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Nusu saa kabla, asinywe kahawa wala asibebe kitu kizito. Akae kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijapishana. Mkono uwe wazi, umelazwa mezani juu ya mto mdogo hadi mkanda uwe usawa wa moyo. Atulie dakika tano. Apimwe mara mbili, dakika moja katikati, na zote ziandikwe, hata ile isiyopendeza.

Kutulia dakika tano Buyenzi si kazi ndogo. Mlango uko wazi, kila anayepita anatoa salamu, na salamu ni lazima ijibiwe. Siku ya kwanza tulipima mara nne bila kupata kipimo safi, hadi kijana akafunga mlango. Kisha nikaona midomo ya mama inacheza. Alikuwa anavuta uradi. Nilimwomba kwa adabu asubiri mashine imalize kwanza. Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, lakini alisubiri.

Siku ya kwanza wastani wa asubuhi ulikuwa 151 kwa 92, wa jioni 148 kwa 90. Siku hiyo huwa haihesabiwi, kwa sababu mtu bado anaiogopa mashine. Kuanzia ya pili hadi ya saba, asubuhi sita zilikuwa 144, 146, 142, 145, 141 na 143 kwa namba ya juu. Jioni sita zilikuwa 139, 141, 137, 138, 140 na 136. Jumlisha zote upate 1692, gawanya kwa 12, ni 141. Namba za chini kwa mpangilio huohuo zilikuwa 88, 90, 87, 89, 88, 87 asubuhi na 86, 87, 84, 85, 86, 85 jioni. Jumla ni 1042, wastani karibu 87. Mapigo yalikuwa sabini na kitu muda wote, na ile 92 haikurudi tena.

Kijana alifurahi sana. "Kaka, 141, amezidi moja tu!" Hapa kuna mtego. Mstari wa 140 kwa 90 ni wa vipimo vya kliniki. Nyumbani mtu ametulia zaidi, presha yake husoma chini kidogo, basi mstari wa nyumbani ni 135 kwa 85. Mama alikuwa na 141 kwa 87, ameuvuka kwa namba zote mbili. Picha ya dukani ilitia chumvi, lakini haikuwa imebuni. Bila wiki ile tungeweza kukosea kwa njia mbili: kumpa vidonge usiku ule kwa ajili ya 158 ambayo haikuwa yake, au kusema "ni uchovu wa sokoni tu" na kumwacha miaka kumi na shinikizo la kweli.

Alienda kituo cha afya na karatasi yake. Daktari alipima mikono yote miwili, jambo ambalo hufanywa mara ya kwanza kwa sababu mkono mmoja unaweza kuwa juu kuliko mwingine, na baada ya hapo unatumika ule wa juu. Akaagiza mkojo, damu ya kuangalia figo na sukari, na kipimo cha umeme wa moyo. Kila kitu kilikuwa sawa. Akazungumza naye kuhusu chumvi kwanza, na zile ndagala zilikuwa na mengi ya kujibu. Ni dawa gani na lini, hilo liko kati yao wawili.

Kuhusu chumvi kuna habari ya Kenya inayowagusa wengi wetu tuliotoka mikoani. Watafiti waliwafuata vijana wa Kijaluo waliohama vijijini kando ya ziwa kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilianza kuonekana juu ndani ya mwezi wa kwanza tu, na mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi kuliko wa nyumbani. Mapigo yao ya moyo yalikuwa juu pia. Walikuwa wenye umri kama wetu.

Kuhusu vidonge vya jirani. Dawa za presha ni za aina nyingi. Baadhi zinapunguza kasi ya moyo na zinaweza kumziba pumzi mwenye pumu. Baadhi hazifai kabisa kwa mjamzito. Baadhi zinatoa maji na chumvi mwilini. Jirani alipewa chake baada ya kupimwa figo zake yeye. Na hata kama kingekuwa cha aina sahihi, kuishusha presha ghafla kwa mtu ambaye mwili wake umeizoea kunaweza kupunguza damu inayofika kwenye ubongo, akaanguka. Usiku ule mama alikuwa anakaanga samaki salama. Hapakuwa na kitu cha kuokoa kwa haraka.

Kuna usiku ambao haraka inatakiwa. Ikiwa namba ni 180 au zaidi juu, au 120 au zaidi chini, na mtu ana mojawapo ya yale niliyouliza mwanzo, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kupinda, kulegea upande mmoja, kuchanganyikiwa, macho kuzimika, basi ni hospitali wakati huohuo. Na mtu akilegea upande mmoja huku presha ikisoma 130, aende vilevile. Kiharusi hakisubiri namba. Kama namba ni hizo lakini hana dalili yoyote, akae kimya, apimwe tena baada ya dakika chache kwa utaratibu tulioueleza. Ikibaki juu, atafute daktari siku hiyohiyo, bila vidonge vya jirani. Mjamzito ana sheria yake: kuanzia 140 kwa 90 aonwe siku hiyo hata kama anajisikia vizuri, na akifikisha 160 au 110, au akiwa na kichwa kikali, kuona nyota au maumivu ya juu ya tumbo, hiyo ni dharura.

Wengi huniambia, "Mimi najua presha yangu ikipanda, kichwa kinaniuma." Wenye shinikizo la juu walio wengi hawasikii kitu. Mama huyu alikuwa na 141 kwa 87 wiki nzima na kichwa hakikumuuma hata siku moja, isipokuwa ile Ijumaa niliyomkatiza uradi wake, na hiyo alisema wazi kwamba sababu ni mimi.

Mtu akikutumia picha, mwombe akutumie na vitu vitatu visivyomo pichani: alikuwa anafanya nini nusu saa kabla, amekaaje na mkanda ulifungwa juu ya nini, na namba za kipimo cha pili. Kijana sasa hutuma hivyo. Ya mwisho aliyonitumia wiki iliyopita ni ya mama yake, 132 kwa 82, mapigo 74, na chini ameandika: "Amekaa dakika tano. Mlango umefungwa."